Kiini cha Mita Kishibe, Kiini cha Rilei Kisishibe

Katika kabati la umeme la kiwanda kinacholishwa kwa msongo wa kilovolti 11, kila fezi hupita ndani ya donge gumu la epoksi lenye bamba dogo la maelezo ubavuni. Donge hilo ni transfoma ya mkondo, ambayo mafundi huiita sitii. Kazi yake ni kuchukua mkondo mkubwa wa laini, ambao mita haiwezi kuupokea moja kwa moja, na kutoa upande wa pili mkondo mdogo unaolingana nao kwa uwiano maalumu. Laini inapobeba mkondo kamili ulioandikwa kwenye bamba, upande wa pili hutoa ampea 5 au ampea 1.

Epoksi inaficha jambo moja: mara nyingi ndani ya donge hilo mna sitii mbili. Kuna pete mbili za chuma, yaani viini viwili, kila kimoja kimezungushiwa waya wake, na vyote vinapokea mkondo uleule wa laini. Nyaya za kiini cha kwanza huenda kwenye mita inayotoa ankara. Nyaya za kiini cha pili huenda kwenye rilei, kifaa kinachoiamuru breka ifunguke panapotokea shoti. Bamba la sitii iliyochaguliwa vizuri linaweza kusomeka hivi:

```
1S1-1S2    75/5 A    10 VA   0.5S FS5
2S1-2S2   200/1 A     5 VA   5P10
```

Anayeagiza sitii kwa mara ya kwanza hushangaa kwa nini mistari hiyo miwili isifanane. Angependa uwiano mmoja kwa viini vyote, na VA iwe kubwa iwezekanavyo ili awe na akiba. Kwa kiini cha rilei akiba hiyo inafaa. Kwa kiini cha mita, akiba hiyohiyo inaharibu kazi. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye kiwanda, kila mkandarasi na kila mwanafunzi wa umeme alielewe kabla ya kujaza fomu ya manunuzi, kwa sababu sitii ikishafungwa hukaa miaka mingi bila kuguswa, na kosa lake halipigi kelele.

Chanzo cha tofauti hiyo ni tabia ya chuma chenyewe. Mkondo wa laini unapopita, huijaza pete ya chuma usumaku unaogeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde. Usumaku huo huzalisha volteji kwenye waya wa upande wa pili, na volteji hiyo ndiyo inayousukuma mkondo mdogo upite kwenye nyaya, uingie kwenye mita na kurudi. Njia ikiwa na ukinzani mkubwa, volteji kubwa zaidi inahitajika, na ili kuipata ni lazima chuma kibebe usumaku mwingi zaidi. Kubeba usumaku nako kunagharimu: sehemu ndogo ya mkondo hutumika humohumo ndani ya kiini na haifiki kabisa kwenye mita. Sehemu hiyo iliyopotea ndiyo kosa la sitii.

Tena chuma kina kikomo. Kinapofika mahali ambapo hakiwezi kuongeza usumaku wowote wa maana, husemwa kwamba kimeshiba. Kuanzia hapo, hata mkondo wa laini ukipanda mara kumi, unaotoka upande wa pili haupandi kwa kiasi hicho. Mawimbi yake hukatika na kubaki kama miiba mifupi inayochomoza kisha kutoweka kabla ya wakati wake.

Kiini cha mita kinahitaji kuwa sahihi kabisa katika mikondo ya kila siku, kuanzia taa za usiku hadi mashine zote zinapofanya kazi. Shoti inapotokea, mita haina cha kupima katika nusu sekunde hiyo. Inachohitaji ni kukingwa, kwa hiyo kiini chake ni bora kishibe mapema. Rilei ni kinyume chake. Katika mkondo wa kawaida haijali tofauti ya asilimia moja, lakini shoti inapotokea ndipo inapoanza kazi, na lazima iuone mkondo huo mkubwa kwa ukweli wake. Sonara na mnunuzi wa pamba wote wana mizani, lakini hakuna atakayemwazima mwenzake.

Tuchukue mfano tuupitie hadi mwisho. Kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti kina transfoma ya kVA 1,000, nacho kinalishwa kwa kilovolti 11. Mkondo wake kamili ni 1,000 kugawa kwa 11, kisha kugawa kwa 1.732, yaani ampea 52.5. Wakati wa msimu kinakwenda ampea 40 hadi 50. Msimu ukiisha, zinabaki taa za walinzi, ofisi na pampu ya maji, na mkondo unashuka hadi ampea 3. Umeme unatoka kwenye kituo cha kupoza umeme chenye transfoma ya MVA 5 inayoshusha kilovolti 33 kuwa 11, na bamba la transfoma hiyo linaonyesha impidensi ya asilimia 7. Mkondo wake kamili upande wa kilovolti 11 ni ampea 262. Ukigawa kwa 0.07 unapata shoti kubwa inayoweza kutokea karibu nayo: takriban ampea 3,750. Hesabu hiyo haijaingiza ukinzani wa laini yenyewe, kwa hiyo shoti halisi ndani ya kiwanda itakuwa ndogo kuliko hapo, na tukiitumia tuko upande salama.

Kwa nambari hizo tatu, yaani 3, 52.5 na 3,750, tunaweza kuchagua kila kitu.

Tuanze na mita. Kishawishi cha kwanza ni kuagiza 300/5 kwa kuwa kiwanda kitakua. Tatizo ni kwamba daraja la usahihi halitoi ahadi moja kwa mikondo yote. Kiwango cha kimataifa IEC 61869-2, kilichotolewa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya IEC 60044-1, kinasema sitii ya daraja la 0.5 isikosee zaidi ya asilimia 0.5 inapobeba mkondo wake kamili hadi asilimia 120. Ikibeba asilimia 20 tu, inaruhusiwa kukosea asilimia 0.75. Ikibeba asilimia 5, inaruhusiwa asilimia 1.5. Chini ya asilimia 5 hakuna ahadi yoyote. Sababu ni ileile ya chuma: usumaku ukiwa mdogo sana, chuma huupitisha kwa shida, na mkondo unaopotea ndani ya kiini huwa mkubwa ukiulinganisha na mdogo unaopimwa.

Kwa sitii ya 300/5, asilimia 5 ni ampea 15. Kiwanda chetu nje ya msimu, kikiwa na ampea 3, kitakuwa kwenye asilimia 1, mbali nje ya eneo lenye ahadi. Hata ndani ya msimu, ampea 45 ni asilimia 15 tu ya uwezo wake. Mita itakuwa inaishi maisha yake yote katika sehemu mbaya ya sitii.

Kwa kawaida kosa hili huifanya mita isome pungufu, ingawa watengenezaji hulifidia kwa kupunguza kidogo mizunguko ya waya, na fidia hiyo inaweza kulisogeza upande wa pili. Kiwanda kinachotumia wastani wa kilowati 400 kwa siku 30 humeza yuniti 288,000. Asilimia moja tu ya hizo ni karibu yuniti 2,900, mwezi baada ya mwezi, kwa hasara ya shirika au ya mteja, na hakuna taa nyekundu inayowaka kuonyesha hilo.

Kosa hilo lina mwenzake anayesahaulika, nalo ni kuchelewa au kuwahi kwa wimbi. Mkondo unaotoka upande wa pili hutofautiana kidogo kwa wakati na ule wa laini, na tofauti hiyo hupimwa kwa dakika za pembe, ambapo dakika 60 ni digrii moja. Kwa daraja la 0.5, ruhusa ni dakika 30 katika mkondo kamili, lakini inafika 90 katika asilimia 5. Mita ya nishati huzidisha mkondo kwa volteji kwa kuzingatia pembe iliyo kati yake, kwa hiyo pembe ikikosewa hesabu nayo hukosewa. Kiwanda kikiwa na kipengele cha nguvu cha 0.9, dakika 60 huleta kosa la karibu asilimia 0.85. Kikishuka hadi 0.5, kama inavyotokea mota kubwa zinapozunguka bila kazi, dakika hizohizo huleta asilimia 3. Ndiyo maana hali mbaya kuliko zote kwa mita ni mkondo mdogo wenye kipengele kibovu cha nguvu, hali ambayo kiwanda cha msimu hukaa nayo kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Dawa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuchagua uwiano ulio karibu na matumizi halisi: 75/5. Ampea 52.5 inakuwa asilimia 70, na bado kuna nafasi hadi ampea 90, ambayo ni asilimia 120. Ya pili ni herufi S. Daraja la 0.5S hushikilia asilimia 0.5 kuanzia asilimia 20 ya mkondo kwenda juu, huruhusu 0.75 katika asilimia 5, na ahadi yake inateremka hadi asilimia 1. Kwenye 75/5, asilimia 1 ni ampea 0.75, na ampea 3 za walinzi na pampu zimo ndani. Mwenye hofu ya kukua aagize sitii ya uwiano mbili, 150-75/5, inayobadilishwa kwa kupanga upya viunganishi vya upande wa kwanza. Kiwanda kikikua, fundi hubadilisha viunganishi na shirika hubadilisha kizidisho kwenye mita, kutoka 15 kwenda 30. Hatua hiyo ya pili isisahauliwe, kwa sababu ankara itakuwa nusu hadi mtu agundue.

Sasa mzigo. Neno hili hapa halihusu mashine za kiwanda. Ni jumla ya kila kitu kilichounganishwa upande wa pili wa sitii: nyaya, viungio na mita. Hupimwa kwa VA. Watu wengi hutazama mita na kusahau nyaya, ilhali kwenye sitii ya ampea 5 nyaya ndizo karibu mzigo wote. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa omu 7.41 kwa kilomita. Mita yetu iko mita 15 kutoka kwenye sitii, na kila sitii ina jozi yake ya nyaya, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 30, sawa na omu 0.222. Mkondo wa ampea 5 ukipita humo, zinaliwa VA 5.6. Mita ya kielektroniki yenyewe haifiki hata nusu VA. Jumla ni kama VA 6.

Tungetumia sitii ya ampea 1, nyaya hizohizo zingekula VA 0.22 tu, kwa kuwa upotevu hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, na 5 mara 5 ni 25. Kwa umbali wa mita 15 ampea 5 bado inawezekana. Chumba cha mita kikiwa mita 60 mbali, ampea 5 ingekula VA 22 kwenye nyaya, na hapo ningeagiza ampea 1 bila kusita.

Kwa mzigo halisi wa VA 6, tunaagiza VA 10. Kwa nini tusiagize 30 tukastarehe? Kwa sababu mbili, na zote ni nzito. Kwanza, ahadi ya daraja la kupimia inashikilia mzigo ukiwa kati ya robo na ukamilifu wa VA iliyoandikwa. Robo ya 10 ni 2.5, na sisi tuko 6, kwa hiyo tumo. Robo ya 30 ni 7.5, na sisi tuko chini yake. Tumenunua sitii kubwa na ghali zaidi, tukatoka nje ya ahadi yake. Jambo hili hutokea pia pale mita ya zamani ya kisahani inapobadilishwa na ya kielektroniki bila kugusa sitii: mzigo unashuka ghafla, na sitii ya VA 15 iliyokuwa na kazi ya kutosha inajikuta na VA moja.

Sababu ya pili inahusu kushiba. Alama FS5 kwenye bamba maana yake ni kwamba mkondo ukifika mara 5 ya ule kamili, kiini kitakuwa kimeshaanza kuachana nao kwa kosa lisilopungua asilimia 10. Lakini ahadi hiyo ni kwa mzigo ulioandikwa. Mzigo ukiwa mwepesi zaidi, kiini kinachelewa kushiba, kwa kanuni hii:

```
F' = F × (R×I² + Sn) / (R×I² + Sh)
```

Hapa F ni nambari iliyo kwenye bamba, R ni ukinzani wa waya wa ndani ya sitii, I ni ampea 5 au 1, Sn ni mzigo ulioandikwa, na Sh ni mzigo halisi. Tuseme waya wa ndani una omu 0.1, yaani VA 2.5 kwa ampea 5. Kwa sitii ya VA 10, F' ni 5 mara 12.5 kugawa kwa 8.5, yaani kama 7.4. Mita itaanza kukingwa ikifikia ampea 37. Kwa sitii ya VA 30, hata tukichukulia waya wa ndani ni uleule, F' inaruka hadi 19, na mita inapokea zaidi ya ampea 95 kabla kiini hakijashiba.

Shoti yetu ya ampea 3,750 ni mara 50 ya ampea 75. Bila kushiba, ingeleta ampea 250 kwenye mita. Mita za kielektroniki za ampea 6 zinazounganishwa kupitia sitii hujaribiwa kwa mara 20 ya mkondo wake wa juu, yaani ampea 120, kwa nusu sekunde. Kushiba kwa kiini ndiko kunakosimama kati ya mita na ampea 250.

Tugeukie rilei. Mstari wa pili wa bamba unasema 5P10. Herufi P ni ya ulinzi. Nambari 5 iliyo mbele yake ni asilimia ya kosa la jumla linaloruhusiwa, na 10 iliyo nyuma ni mara ngapi mkondo unaweza kupanda kabla kosa hilo halijapitwa. Katika mkondo kamili wa kawaida daraja la 5P huruhusiwa asilimia 1, na katika mikondo midogo haliulizwi kitu. Hicho ni kiwango kibovu kwa ankara, lakini kinaitosha rilei.

Zile nambari mbili, 5 ya FS5 na 10 ya 5P10, zinafanana kwa umbo lakini zinaelekea pande tofauti. FS5 ni dari: kiini kisichelewe kushiba kupita hapo. 5P10 ni sakafu: kiini kisishibe kabla ya hapo. Mtengenezaji akikupa kiini cha rilei kinachostahimili mara 14 badala ya 10, amekufaa. Akikupa kiini cha mita chenye FS ya 14 badala ya 5, amekupunja.

Uwiano wa rilei unaanzia kwenye shoti, si kwenye matumizi. Tungetumia 75 na 5P20, bamba lingetuahidi ampea 1,500 tu, wakati shoti ni 3,750. Mzigo mwepesi unaweza kuokoa jahazi kwa kanuni ileile ya juu, lakini kiini cha uwiano mdogo kina nguvu ndogo ya kuanzia na mtengenezaji hulazimika kukijaza chuma kingi. Kwa 200/1, shoti ni chini ya mara 19. Rilei ya kidijitali iliyo mita 10 kutoka kwenye sitii, pamoja na nyaya zake, haizidi VA 0.5. Tukiagiza VA 5, na waya wa ndani ukiwa na omu 1, F' inakuwa 10 mara 6 kugawa kwa 1.5, yaani 40. Mara 40 ya ampea 200 ni ampea 8,000, zaidi ya mara mbili ya shoti yetu.

Ziada hiyo ina kazi. Shoti ikianza katika wakati mbaya wa wimbi, mkondo wake hauanzi ukiwa umesawazika juu na chini ya sifuri. Huegemea upande mmoja kwa mawimbi kadhaa kabla ya kutulia. Kuegemea huko hujaza chuma usumaku wa upande mmoja na kukishibisha mapema kuliko hesabu ya kawaida inavyoonyesha. Rilei ya kawaida ya mkondo kupita kiasi huvumilia kushiba kwa muda mfupi kwa kuchelewa kidogo. Rilei za tofauti, zinazolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka kwenye transfoma kubwa au basibaa, hazivumilii, kwa sababu sitii moja ikishiba na nyingine isishibe, rilei huona tofauti isiyokuwepo na kuzima kila kitu bure. Kwa kazi hiyo huagizwa daraja la PX, ambalo vituo vya zamani vinaliandika kama X, na hapo mnunuzi hutaja volteji ya kushiba na ukinzani wa waya wa ndani moja kwa moja badala ya VA.

Uwiano wa rilei nao una mwisho wake wa juu. Ampea 52.5 kupitia 200/1 ni ampea 0.26 kwenye rilei. Rilei ya kidijitali inaweza kuwekwa chini hivyo bila shida. Lakini rilei nyingi za zamani za kisahani haziteremki chini ya asilimia 50, ambayo kwa 200/1 ni ampea 100, karibu mara mbili ya mkondo kamili wa kiwanda. Transfoma ingepikwa taratibu bila rilei kusema neno. Mwenye rilei ya namna hiyo aende 100/1 na kuongeza nambari ya nyuma, 5P20, kisha arudie hesabu.

Kuna wakati viini vyote viwili vinaagizwa kwa uwiano mmoja, tuseme 75/5 na 75/5, na fundi akabadilisha nyaya bila kujua. Hili linanitia wasiwasi kuliko makosa mengine yote, kwa sababu katika mkondo wa kila siku hakuna dalili. Mita inasoma, rilei inaonyesha ampea zilezile. Siku ya shoti, kiini chenye FS5 kinashiba kwenye ampea mia tano na kitu, na rilei iliyowekwa ifungue papo hapo kwenye ampea 1,200 inaona miiba mifupi ambayo haifiki hapo. Breka ya kiwanda haifunguki. Inafunguka ya kituo cha kupoza umeme, na kila aliye kwenye laini hiyo anakaa gizani. Ukiona shoti ya ndani ya kiwanda imezima laini nzima huku breka ya kiwanda ikiwa imefungwa vilevile, kabla ya kulaumu mpangilio wa rilei, kagua ni kiini gani kinachoilisha.

Ukaguzi wake ni wa nusu saa. Laini inazimwa, inahakikishwa haina umeme, inaunganishwa ardhini, kisha inaachwa wazi upande mmoja wa sitii. Hapa pana onyo ambalo halina mjadala: laini ikiwa na mkondo, upande wa pili wa sitii usiachwe wazi hata kidogo. Mkondo wote wa laini hugeuka kuwa wa kujaza usumaku, na volteji ya kuua mtu huchomoza kwenye temino. Kiini kisichotumika hufungwa shoti kati ya S1 na S2 na kuunganishwa ardhini mahali pamoja.

Laini ikiwa imezimwa, nyaya za upande wa pili zinafunguliwa, na fundi anaingiza volteji ya mkondo geu kati ya S1 na S2, akiipandisha polepole huku akisoma ampea. Mwanzoni ampea hupanda kidogo. Kisha hufika mahali ambapo kuongeza volteji kwa asilimia 10 kunaongeza mkondo kwa asilimia 50. Hapo ndipo goti la kiini lilipo. Kwa kiini chetu cha mita, 75/5 VA 10 FS5, mara 5 ya ampea 5 kupitia jumla ya omu 0.5 ni volti 12.5, na goti halitakiwi kuwa juu ya hapo. Kiini cha rilei cha 200/1 VA 5 5P10 kinatoa mara 10 ya ampea 1 kupitia omu 6, yaani volti 60, na goti lake litakuwa jirani na hapo. Hata viini viwili vya 75/5 vyenye VA 10 hutofautiana waziwazi: chenye FS5 hushiba kama kwenye volti 12, chenye 5P20 kama kwenye volti 50.

Jaribio likiisha, volteji haikatwi ghafla. Inateremshwa polepole hadi sifuri, ili kiini kisibaki na usumaku ambao ungeharibu usahihi wa mita kesho yake. Nyaya zinarudishwa, viungio vinakazwa, na laini inawashwa. Kiwanda kikichukua ampea 45, kipimo cha kubana kwenye waya wa mita kinapaswa kusoma ampea 3, na kwenye waya wa rilei ampea 0.225.